Mamba Mmoja au Wengi? Sauti, Picha na Tarehe katika Filamu ya Gustave

Mwaka 2004 ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo Capturing the Killer Croc. Inamfuata Patrice Faye, Mfaransa aliyekaa Burundi miaka mingi akishughulika na wanyama watambaao, pamoja na kundi la wataalamu, katika jaribio la kumkamata akiwa hai mamba mkubwa wa mto Rusizi na ziwa Tanganyika. Mamba huyo ndiye Gustave, jina alilopewa na Faye mwenyewe. Sisi tuliozaliwa Gitaza, kati ya Bujumbura na Rumonge, tumelisikia jina hilo kabla ya kujua kusoma. Makala haya hayaulizi kama filamu inasisimua, maana inasisimua. Yanauliza ni yapi kati ya mambo inayotueleza yanaweza kupangwa katika mfuatano wa matukio wenye tarehe, na kila jambo limeegemea nini: sauti ya msimulizi, au picha iliyopigwa mahali pale.

Nilipoitazama kwa ajili ya kazi hii nilichora jedwali la safu nne. Safu ya kwanza ni ya maneno ya msimulizi, yakiandikwa jinsi yalivyotamkwa. Ya pili ni ya kile kinachoonekana, kikielezwa na mtu aliyezima sauti: si “Gustave anawinda”, bali “mamba mkubwa anaogelea, mwili wote majini isipokuwa kichwa”. Ya tatu ni ya wakati, na ya nne inataja wakati huo umejulikanaje. Kazi ya kuzima sauti ndiyo ngumu kuliko zote. Jicho likishasikia jina, huona jina. Picha ya watu wakioga ikifuatwa na picha ya mamba akiingia majini, mtazamaji huunganisha mawili hayo kuwa tukio moja, ingawa huenda yalipigwa siku tofauti na kando za maji tofauti. Huo ni utaratibu wa kawaida wa uhariri katika filamu za wanyama na si udanganyifu. Lakini katika jedwali picha mbili hizo ni safu mlalo mbili, mpaka kitu kinachoonekana katika zote mbili kiziunganishe.

Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba filamu ina wakati wa aina moja tu. Tunaambiwa kwamba Faye alimchunguza mamba huyu kwa miaka miwili kabla ya jaribio, kwamba jaribio lenyewe lilichukua muda wa miezi miwili, na kwamba jambo kubwa lilitokea katika wiki ya mwisho kabla kundi halijalazimika kuondoka nchini. Hizo ni hesabu za muda na za utangulizi: hili lilitangulia lile. Si tarehe za kalenda. Mwaka wa kutoka kwa filamu, 2004, unatupa ukomo wa juu, kwa sababu hakuna kilichomo kinachoweza kuwa cha baadaye. Ili kuingia ndani zaidi ya hapo yatupasa kutafuta ushahidi katika picha, hata kama hakuna aliyekusudia kuuweka. Mfano ni dhoruba ya wiki ya mwisho. Katika mwambao wetu kiangazi kirefu ni Juni hadi Agosti, na mvua kubwa hunyesha kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Mei. Kwa hiyo dhoruba kubwa ya usiku yaelekea kuiweka wiki ile nje ya miezi mitatu ya ukame. Hatujapata tarehe, lakini tumepunguza nafasi ya kukosea, na tumeipunguza kwa kutumia mvua iliyonyesha kweli, si kwa maneno ya mtu.

Tulichambue sasa tukio la wiki hiyo, kwa kuwa ndilo kiini cha filamu. Kundi lilikuwa limetengeneza tundu la chuma lenye urefu wa karibu mita 9 na uzito wa tani moja, likiwa na kamera ya infraredi iliyofichwa ndani. Chambo za aina mbalimbali ziliwekwa na hakuna mamba aliyeingia. Wakatega pia vitanzi vikubwa kandokando ya maji, navyo vikanasa mamba wadogo tu. Mwishowe wakamweka mbuzi hai ndani ya tundu. Usiku ule dhoruba ikapiga na kamera ikazimika. Asubuhi tundu likakutwa limezama kwa sehemu, na mbuzi hayupo.

Katika safu ya picha tunaandika mambo mawili: jioni mbuzi yumo, asubuhi mbuzi hayumo na tundu limezama nusu. Kati ya hayo mawili safu ni tupu. Msisimko wote wa kipande hiki umejengwa juu ya utupu huo, na mtazamaji hutoka akiamini kwamba Gustave alikuja. Lakini utupu huo unaweza kujazwa kwa njia nyingi. Dhoruba huinua maji, na tani moja ya chuma juu ya tope laini la ukingoni huweza kuzama yenyewe. Mbuzi aliyeingiwa na maji huweza kufa na kuchukuliwa na mkondo, au kujinasua. Mamba mwingine huweza kuingia, na mtu mwenye njaa pia huweza kuja, maana nchi ilikuwa vitani. Kinachoweza kuchuja dhana hizi ni alama: chuma kilichopinda kutoka ndani, jino lililovunjika, damu au manyoya kwenye nondo, nyayo na mburuzo wa mkia topeni. Alama za tope hufutwa na mvua, lakini za chuma hubaki. Mhakiki anapaswa basi kurudia picha za asubuhi akitafuta chuma tu, na kuandika kile anachokiona. Asipoona kitu, safu ibaki tupu. Kuijaza kwa jina ni kuandika riwaya.

Si haki kusema kwamba katika filamu hii sauti hushinda siku zote. Kuhusu umri, picha ndiyo iliyoisahihisha sauti. Mwanzoni Gustave alikadiriwa kuwa na miaka 100. Alipotazamwa kwa karibu, meno yake yalionekana kuwa kamili. Mamba huotesha meno mapya muda mwingi wa maisha yake, na ni uzeeni sana ndipo mapengo yanapobaki. Kwa hiyo makadirio yakashushwa mpaka miaka 60 hivi, na ikaonekana yaelekea bado anakua. Hapa tunaona dai, ushahidi na marekebisho, vyote vikiwa mbele yetu. Kuhusu urefu mambo ni tofauti. Inasemwa anazidi mita 6, na uzito wake unafikia takribani tani moja, lakini hakuna aliyempima. Wataalamu hukadiria kwamba kichwa cha mamba mkubwa ni karibu sehemu moja ya saba ya mwili wote, hivyo mamba wa mita 6 atakuwa na kichwa cha sentimita 85 hivi. Ili kuzipata sentimita hizo katika picha unahitaji kitu chenye kipimo kinachojulikana, kilicho umbali uleule kutoka kwenye kamera. Tundu la mita 9 lingekuwa rula nzuri kuliko zote, lakini mamba hakupigwa picha kando yake. Urefu basi unabaki katika safu ya maneno.

Ninafika sasa kwenye dai linalotuhusu zaidi watu wa mwambao, yaani kwamba mamba huyu mmoja ameua watu wapatao 300. Dai hili limesambaa pamoja na jina lake, na mwaka 2007 Hollywood ililifanyia mchezo wa kutisha, Primeval. Hakuna picha ya vifo hivyo, na hakuna anayetarajia iwepo. Vifo vyenyewe si hadithi: mamba huua watu katika Rusizi na katika ziwa, na viboko huua pia. Swali ni nani aliyeua, na hapo ndipo mfuatano wa matukio ungefanya kazi ambayo ushuhuda peke yake haiwezi. Gustave ana alama za kumtambulisha, yaani makovu matatu ya risasi na jeraha kubwa kwenye bega la kulia. Kwa kila kifo tungehitaji tarehe, mahali, na mtu aliyeziona alama hizo. Tuseme watu wawili wamechukuliwa siku moja, mmoja karibu na Gatumba na mwingine Rumonge, zaidi ya kilomita 70 kati yao. Saa chache zikiwa ndizo zinazotenganisha mashambulizi hayo, muuaji si mmoja. Au tuseme vifo vinafuatana kwa wiki kadhaa kutoka Kabezi, Gitaza, Magara, Minago mpaka Rumonge. Hapo dhana ya mamba mmoja anayeteremka kando ya ziwa inapata nguvu. Bila tarehe, orodha ya vifo 300 na mamba mmoja haiwezi kukanushwa wala kuthibitishwa. Na mamba anayezamia mbele ya mtu aliyejaa hofu huonyesha macho na pua, haonyeshi bega.

Tofauti hii si ya darasani tu. Kama muuaji ni mmoja, dawa ni kumkamata au kumwua, na tundu la chuma lina maana. Kama ni wengi, kumwondoa mmoja hakumlindi mama anayefua nguo ufukweni Gitaza alfajiri. Anayehitajika hapo si mwindaji, bali fundi wa kumjengea bomba la maji karibu na nyumba, au uzio wa miti mahali pa kuoga. Filamu, kwa kuchagua jina moja na uso mmoja, imekwisha kuchagua dawa kabla ya kuthibitisha ugonjwa.

Baada ya 2004 safu ya picha inazidi kuwa nyembamba. Mwaka 2015 ilielezwa kwamba Gustave ameonekana tena, na mwaka 2019 ikaandikwa kwamba ameuawa, bila picha ya mzoga na bila kutajwa aliyemwua. Wakati huohuo filamu yenyewe imekuwa kumbukumbu, na mwambao iliouonyesha umebadilika. Machi 2015 maporomoko ya ardhi yaliipiga Gitaza na kuacha makovu mlimani, na tangu 2020 maji yameifunika sehemu kubwa ya Gatumba. Mabadiliko hayo yanaweza kututumikia, kwa kuwa video yoyote itakayodaiwa kuwa ya Gustave yaweza kupimwa kwa mlima na ufuko ulio nyuma yake kabla hatujamtazama mamba.

Jedwali langu likisomwa kwa safu ya picha peke yake, linasema hivi: palikuwa na mamba mkubwa sana mwenye meno kamili, palikuwa na tundu, mbuzi na dhoruba, palikuwa na mamba wadogo walionaswa. Mengine yote yanangoja tarehe. Tarehe hizo, kama zipo, hazimo katika filamu. Zimo vichwani mwa familia zilizozika, kuanzia Rusizi mpaka Rumonge, na bado zinaweza kuulizwa.