Hongera kwa Tangazo Lenye Jaribio la Kweli

Kampuni moja ndogo ya utalii mjini Arusha imetangaza nafasi ya afisa maudhui wa tovuti, na tangazo lake nalipongeza kwa moyo wote. Majukumu yametajwa waziwazi: kuandika kurasa za safari, kusahihisha bei msimu unapobadilika, kupunguza uzito wa picha, kukagua viungo vilivyokufa. Sifa ni chache: Kiswahili na Kiingereza fasaha, na uzoefu wa WordPress.

Kilichonivutia zaidi ni jaribio. Mwombaji anapewa saa moja na ukurasa wa njia ya Machame, Kilimanjaro, wenye kasoro za makusudi. Juu pameandikwa siku 6, lakini ratiba iliyo chini ina siku 7. Njia hiyo hupandwa kwa siku 6 au 7, kwa hiyo kubahatisha hakufai. Mwombaji makini atauliza bei iliyowekwa ni ya safari ipi. Picha ina megabaiti 5, na kwenye simu yenye mtandao hafifu mgeni ataondoka kabla haijafunguka. Ipunguzwe upana hadi pikseli 1,600, kisha ihifadhiwe upya. Mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 400. Maelezo yake kwa wasioona yanasema "picha1" tu. Jibu zuri lingekuwa hivi:

```
alt="Wapagazi wakipanda ukuta wa Barranco"
```

Tena, waombaji watakaofika hatua ya jaribio watalipwa nauli. Huo ni uungwana.