Kabla Saa Haijaingia Ziwani

Muuzaji wa saa ya mtumba hapa Bujumbura atakuonyesha kwanza maandishi ya 100M nyuma ya kasha. Usiyakatae, ila yalipimwa saa ikiwa mpya. Wewe shika kile kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo, ukifungue.

Wengi hudhani hesi ya kifundo ndiyo inayozuia maji. Hesi haizuii kitu. Maji hupenya kati ya nyuzi zake. Kinachozuia ni pete nyembamba za mpira, na kazi ya hesi ni kuukandamiza mpira na kukishika kifundo kisichomoke kikigongwa au kikinaswa na nguo. Kwa hiyo kisipokazwa, mpira unabaki bila mkandamizo wake wote, na kifundo chenyewe ni rahisi kuvutika nje.

Hata kuogelea juu juu kunatosha kuleta hasara. Saa iliyoachwa garini juani ikafika nyuzi joto 45, kisha ikatumbukizwa Tanganyika kwenye maji ya nyuzi 26, hewa iliyomo hunywea na shinikizo lake hushuka kwa takriban asilimia 6. Ni kama umeizamisha nusu mita zaidi, na saa sasa inavuta maji kuingia.

Sasa jaribu kukaza. Bonyeza kifundo taratibu, ukizungushe kwanza kinyume cha mwendo wa mishale mpaka uhisi nyuzi zimedondokeana, ndipo ukaze. Kifundo kizuri huingia laini, kisha hukaza kidogo kidogo mpira unapobanwa. Kikikwaruza au kikikaa upande, nyuzi zimeliwa. Wacha mkono, usilazimishe. Vidole viwili vinatosha, koleo ni uharibifu.

Saa yenye vitufe vya kuhesabu muda ina mtego wake. Vitufe vya hesi, kama vya Rolex Daytona nyingi, vikishakazwa havibonyezeki. Kitufe kikibonyezeka baada ya kukazwa, au pete yake ya hesi ikizunguka bila mwisho, hiyo hesi ni pambo au imekufa. Ukilegeza kupima muda, kaza tena kabla ya kugusa maji, na usivibonyeze ukiwa ndani ya maji.

Kusahau kukaza ni jambo la zamani. Oyster ya Rolex ya 1926 ilikuwa na kifundo cha hesi, lakini mwenye saa alilazimika kukifungua kila siku ili atie ufunguo, na siku moja angeweza kusahau kukikaza. Ile ya 1931, iliyojitia ufunguo yenyewe mkononi, ilipunguza sababu ya kukigusa.

Ukishanunua, mpelekee fundi saa mwenye mashine ya kupima kwa hewa, bila maji, abadilishe mpira uliokauka. Akikosekana, ipashe saa joto la mkono, weka tone la maji baridi juu ya kioo kwa dakika moja, ulifute. Ukungu ukibaki upande wa ndani, unyevu umeshaingia. Ifunguliwe leo, si kesho.