Kama Yalivyotumika

Mwalimu wetu wa Kiswahili pale Chiungutwa alikuwa na kamusi moja tu, ile ya TUKI iliyotoka mwaka 1981, na aliiweka mbali na mikono yetu. Hakuwa bahili. Alitaka tuisome habari hadi mwisho, neno geni tukiliruka, ndipo turudi kulitazama.

Nyumbani wengi tulisema Kimakonde, Kiyao au Kimakua, kwa hiyo kila habari ya ufahamu ilikuja na maneno yake ya kututoa jasho. Moja silisahau. Mzee fulani, tangu afiwe na mkewe, alisawijika, hata waliomzoea sokoni wakawa wanampita bila kumtambua. Mwenzetu akajibu upesi, "Alihuzunika, mwalimu." Mwalimu hakumkatalia. Alimwambia aliweke neno lake mahali pa lile geni, asome tena kwa sauti. Akasoma.

"Haya, mtu akihuzunika, watu huisahau sura yake?"

Darasa likanyamaza. Mwingine akasema alikonda. Hilo likakaa vizuri, mpaka tulipofika sentensi ya pili, iliyosema kwamba hata ngozi ya uso wake imesawijika. Ngozi haikondi! Tukabanana hapo kwa muda, hadi msichana wa nyuma aliposema huenda ni sura nzima iliyoharibika, nuru ikamtoka mtu usoni. Mwalimu akatuonyesha mwisho wa neno, ile -ika ya vunjika na haribika: ni jambo lililompata mzee, hakulitenda. Kamusi ilipofunguliwa, ilikuja kututhibitishia tu.

Tusidanganyane, muktadha nao una mwisho wake. Ukisoma kwamba mama alinunua chumvi, sukari na bizari, nawe huijui bizari, utaambulia kwamba ni kitu cha dukani, pengine cha jikoni, basi. Msomaji hodari hupajua hapo pa kusimama, akafungua kamusi bila aibu.

Siku hizi naona maana zikiandikwa ubaoni kabla habari haijasomwa, na watoto wanakariri. Kisha mtihani unawataka waeleze maana ya maneno "kama yalivyotumika katika habari", nao hawayaoni maneno hayo manne. Aliyekariri kwamba paa ni mnyama anaandika mnyama, ilhali habari inasema paa lilivuja usiku kucha. Ile li- peke yake ingemwokoa, maana mnyama angekuwa alifanya, si lilifanya. Na kuvuja kungemaliza shaka iliyobaki. Lakini nani amemzoeza kutazama huko? Sisi tuliozoezwa tulidhani ni adhabu, kumbe tulikuwa tukipewa ufundi ambao sasa unaachwa ufe kwa sababu eti unachelewesha kipindi.

Mwalimu unayesoma haya, futa ubao huo. Wape habari nzima kwanza, waache wabishane, na kamusi ndiyo iwe ya mwisho kufika mezani.