Insulini na hesabu ya mafuta ya saa 24

Hoja yenyewe huelezwa hivi: ukila wanga, sukari hupanda katika damu, kongosho hutoa insulini, nayo insulini hufunga mafuta ndani ya mwili yasitoke. Kwa hiyo anayekula ugali au wali hawezi kupungua hata akipunguza chakula, na anayeacha wanga atapungua hata akila nyama choma apendavyo. Hatua tatu za mwanzo ni kweli, na ndiyo maana hoja hii inawavuta hata watu waliosoma. Kasoro iko kwenye "kwa hiyo".

Mwaka 2015 Kevin Hall na wenzake, katika hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda, Maryland, walichapisha jaribio lililoipima hoja hii moja kwa moja. Waliwachukua watu wazima 19 wenye unene uliokithiri na kuwalaza wodini, ambako kila chakula kilipimwa kwa mizani kabla ya kufika mezani. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu tafiti nyingi za lishe humtuma mtu nyumbani na karatasi, kisha kumuuliza baadaye alikula nini, na watu husahau au huona aibu kusema.

Kwa siku tano walipewa mlo wa kawaida wa kutosheleza uzito wao, wastani wa kilokalori 2,740 kwa siku. Baada ya hapo kilokalori zilipunguzwa kwa asilimia 30 kwa siku sita. Katika awamu moja upungufu wote ulitolewa kwenye wanga, mafuta yakaachwa yalivyo. Katika awamu nyingine ulitolewa wote kwenye mafuta, wanga ukaachwa ulivyo. Kila mshiriki alipangiwa kupitia awamu zote mbili kwa nyakati tofauti, kwa hiyo alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe.

Insulini ilipimwa kupitia mkojo wa saa 24. Kongosho linapotengeneza insulini hukata kipande cha protini ambacho hutoka pamoja nayo, na kiasi cha kipande hicho kwenye mkojo huonyesha insulini iliyotolewa kutwa nzima. Mafuta yaliyounguzwa yalikokotolewa kutokana na hewa: mtu alikaa ndani ya chumba kilichofungwa, wakapima oksijeni aliyotumia na kabonidayoksaidi aliyotoa. Mwili unaounguza mafuta na unaounguza wanga hutumia gesi hizo kwa uwiano tofauti.

Wanga ulipopunguzwa, insulini ya kutwa ilishuka kwa takriban asilimia 22, na mwili ukaunguza mafuta mengi zaidi kuliko awali, kama wanavyodai wafuasi wa hoja. Mafuta yalipopunguzwa, insulini haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kwa mantiki ya mafuta kufungiwa ndani, katika awamu hii ya pili wasingepoteza kitu.

Lakini hesabu ya mafuta ina pande mbili. Aliyepunguziwa wanga alikuwa bado anakula kama gramu 107 za mafuta kwa siku, na aliunguza kama 160, hivyo mwili wake ulipungukiwa gramu 53 kwa siku. Aliyepunguziwa mafuta alikula gramu 17 hivi tu, akaunguza kama 106, ambazo ni karibu sawa na alizokuwa akiunguza kabla ya kupunguziwa chakula. Upungufu wake ulikuwa gramu 89 kwa siku, na insulini ilikuwa palepale. Wenye hoja huangalia kiasi kilichounguzwa pekee, na mara nyingi huo ndio wanaouita ushahidi.

Si kwamba jaribio hili linatangaza ushindi wa mlo wa mafuta kidogo. Siku sita ni chache, na mlo wenye gramu 17 za mafuta hauliki kwa muda mrefu na mtu huru. Hata kipimo cha eksirei cha mafuta ya mwili hakikuweza kutenganisha milo hiyo miwili kwa muda mfupi hivyo. Kwenye mizani, waliopunguziwa wanga ndio walioonekana kupungua zaidi, kwa sababu akiba ya wanga kwenye misuli na ini huhifadhiwa pamoja na maji, na akiba hiyo ikitumika maji hutoka nayo. Anayefurahia mizani baada ya wiki moja bila wanga anafurahia, kwa sehemu kubwa, mkojo.

Kwa muda mrefu, kuna utafiti wa Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018. Watu 609 waligawanywa kati ya mlo wa mafuta kidogo na mlo wa wanga kidogo. Baada ya miezi 12 wa kwanza walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3 na wa pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Kiasi cha insulini ambacho mtu hutoa baada ya kupewa sukari hakikutabiri ni mlo upi ungemfaa.

Sasa mwilini kunatokea nini? Baada ya mlo insulini huzuia kimeng'enya kinachovunja akiba ya mafuta, na husaidia seli za mafuta kupokea yale yaliyoliwa. Saa chache baadaye, na hasa usiku, insulini hushuka na mafuta hutoka kwenda kuunguzwa. Ni maji kujaa na maji kupwa: kujaa kwa asubuhi hakusemi chochote kuhusu kina cha bahari mwisho wa mwezi. Mafuta ya chakula nayo huingia akibani hata kwa insulini kidogo, kwa hiyo kula nyama ya mafuta bila ugali hakufungi mlango huo. Isitoshe, protini nayo hupandisha insulini. Katika vipimo vya Susanne Holt huko Sydney, mwaka 1997, nyama ya ng'ombe na samaki vilisababisha insulini nyingi kuliko tambi, vikilinganishwa kwa nishati ileile.

Kuna sehemu moja ambapo hofu hii ya insulini inadhuru, nayo ni kwa wagonjwa wa kisukari wanaochomwa sindano. Ni kweli wengi huongezeka uzito wanapoanza insulini. Sababu kubwa ni kwamba kabla yake glukosi ilikuwa ikipotea kwenye mkojo: gramu 100 zikipotea kwa siku ni kilokalori 400 zilizoliwa bila kutumika. Insulini ikifanya kazi upotevu huo hukoma, na misuli iliyokuwa ikiliwa hurudi. Mgonjwa akiendelea kula kiasi kilekile, ziada hiyo itajilimbikiza. Wengine pia hushusha sukari kupita kiasi, kisha hula na kunywa vitamu mara kwa mara kuirudisha, na hapo kinachohitaji kuangaliwa na daktari ni kipimo cha dawa na saa za kula.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha sindano ili akonde, atakonda kweli. Bila insulini hakuna cha kuzuia uvunjaji wa mafuta, ini hugeuza mafuta hayo kuwa ketoni, na damu huwa na asidi. Dalili ni kiu kali, kukojoa sana, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa nguvu na kwa kina. Akionekana hivyo, apelekwe hospitali mara moja.