Nenosiri Linasingiziwa

Seva ya VPN ikimkataa mtu, aghalabu hutuma neno moja tu kwenye simu yake: AUTH_FAILED. Neno hilo lina maana ya kwamba umekataliwa, basi, na halisemi umekataliwa kwa nini. Anayeamua mteja asome nini kwenye kioo ni mtengenezaji wa programu, na hapo ndipo penye uamuzi ambao kwangu hauna utetezi. Programu nyingi za watoa huduma hulichukua neno hilo na kuandika kwamba jina au nenosiri si sahihi, kisha hufuta nenosiri lililohifadhiwa na kumrudisha mteja kwenye ukurasa wa kuingia. Usimbaji fiche wa programu hizo hauna dosari ninayoijua, DNS haivuji, seva zinachaguliwa upesi. Lakini katika dakika moja ambayo mteja anahitaji kuambiwa kweli, anaambiwa jambo ambalo seva haikulisema.

Tuitazame dakika hiyo kwa karibu. Anayetumia OpenVPN akifungua kumbukumbu za muunganisho wakati kosa hili linatokea, ataona mistari ya namna hii:

```
VERIFY OK: depth=0
Peer Connection Initiated
SENT CONTROL: 'PUSH_REQUEST' (status=1)
AUTH: Received control message: AUTH_FAILED
SIGTERM[soft,auth-failure] received, process exiting
```

Mpangilio wa mistari hii ni ushahidi wenyewe. Cheti cha seva kimekaguliwa na kukubaliwa, njia salama imeshafunguliwa, na ni ndani ya njia hiyo ndipo jina na nenosiri vilipopita na jibu likarudi. Kwa hiyo mtandao haukuzuia kitu. Msomaji wa Kampala aliyehangaika Januari 2021, Facebook ilipofungwa, anaijua sura ya VPN iliyozibwa na mtandao: haijibiwi kabisa, na baada ya sekunde 60 hulalamika kwamba TLS imeshindikana. Saa ya simu iliyokwenda kombo nayo huangusha safari kabla ya nenosiri kutumwa, kwenye ukaguzi wa cheti. Ukishafika AUTH_FAILED ujue umefika mlangoni na mlinzi amekuona. Linalobaki ni kujua amekukatalia nini, na mlinzi huyu ana orodha ndefu kuliko nenosiri: je, kifurushi kimelipiwa, vifaa vilivyo ndani ni vingapi, akaunti imefungiwa, seva hii imo kwenye kifurushi cha huyu? Swali lolote likijibiwa vibaya, neno linalotoka ni lile lile.

Sababu inayostahili muda wetu zaidi ni ile ya idadi ya vifaa, kwa kuwa ndiyo inayodanganya vizuri kuliko zote. Chukua nyumba yenye akaunti inayoruhusu vifaa vitano kwa pamoja, na vyote vitano vimeunganishwa: simu mbili, kompyuta mpakato, tableti na televisheni. Mwenye simu mojawapo anatoka nje, Wi-Fi ya nyumbani inakatika, simu inahamia kwenye bando. Programu inaona mtandao umebadilika na kuanza muunganisho mpya. Ule wa zamani haukuagwa. Njia ambayo ingepitisha kwaheri imeshapotea. Seva kwa upande wake bado inaamini simu ile iko ndani, na itaendelea kuamini hivyo mpaka ukimya uvuke muda uliowekwa. Kwa mpangilio uliozoeleka wa `keepalive 10 60`, seva husubiri sekunde 120 kabla ya kumfuta aliyenyamaza. Katika dakika hizo mbili simu moja inahesabiwa mara mbili. Inabisha hodi ikiwa kifaa cha sita, inakataliwa, na programu inamwambia mwenyewe kwamba nenosiri lake si sahihi.

Sasa fuata anachofanya mtu aliyeambiwa hivyo. Analiandika nenosiri upya, taratibu, herufi kwa herufi. Linakataliwa. Anajaribu tena, linakataliwa. Anakwenda kwenye «Umesahau nenosiri?», anasubiri barua pepe, anaweka nenosiri jipya, anaunganisha, na safari hii anapokelewa. Dakika mbili zilikuwa zimeshapita na ule muunganisho mfu umefutwa, ila yeye ameondoka na imani kwamba nenosiri la kwanza lilikuwa bovu. Ubaya hauishii hapo. Vile vifaa vinne vilivyobaki nyumbani bado vimehifadhi nenosiri la zamani. OpenVPN isipobadilishwa hurudia mapatano ya funguo kila sekunde 3600, na katika kurudia huko nenosiri hupelekwa tena, isipokuwa pale seva ilipotoa tokeni ya kulibadili. Ndani ya saa moja televisheni inakatika, kompyuta inakatika, na mara hii nenosiri kweli si sahihi. Ujumbe wa uongo wa dakika ya kwanza umezaa makosa manne ya kweli.

Muda huo wa dakika mbili wenyewe ndio hali nyepesi. Watoa huduma wengi huhesabu wateja kwa RADIUS, ambako seva hutuma taarifa ya mtu kuingia na nyingine ya kutoka. Ile ya kutoka ikipotea njiani, au seva ikizimika ghafla kabla ya kuituma, hesabu hubaki na mtu asiyekuwepo mpaka mfumo wa usafishaji umwone. Hapo mteja anaweza kukaa muda mrefu nje akibisha.

Sababu nyingi zilizobaki ni rahisi kuzitambua. Kifurushi kilichokwisha hujulikana kwa kuingia kwenye tovuti na kutazama tarehe. Kibodi ya simu inayoongeza nafasi tupu baada ya barua pepe, au kukuza herufi ya kwanza, huonekana ukiwa makini. Anayeweka mipangilio kwa mkono badala ya kutumia programu ya mtoa huduma aangalie kama anatakiwa kuwa na jina na nenosiri vya peke yake: Proton VPN hutenganisha vya akaunti na vya OpenVPN, na NordVPN iliacha mwaka 2023 kupokea barua pepe na nenosiri la akaunti kwenye miunganisho ya namna hiyo. Sababu inayoudhi zaidi ni mtambo wa uthibitishaji kuzimika. Seva inauliza hifadhidata, hifadhidata haijibu, skripti inarudisha kwamba imeshindwa, na mteja anaambiwa amekosea nenosiri ambalo hakuna aliyelikagua.

Tulikuwa na desturi bora kuliko hii. MS-CHAPv2, itifaki iliyoandikwa kwenye RFC 2759 ya Januari 2000, ilimkatalia mtu kwa namba yenye maana. 646 ilikuwa saa zisizoruhusiwa, 647 akaunti iliyofungwa, 648 nenosiri lililopitwa na muda, 649 mtu asiye na ruhusa ya kupiga, na 691 ndiyo peke yake iliyosema uthibitisho wenyewe umeshindwa. Fundi aliyepigiwa simu aliuliza namba, akajua aanzie wapi. Najua usalama wa itifaki hiyo ulivunjwa hadharani mwaka 2012, na simwambii mtu airudie. Kilichovunjwa ni hesabu za siri. Namba zile hazikuwa na kosa, na warithi wake walizitupa pamoja na takataka.

Wanaotetea ujumbe wa leo wana hoja moja nzito: kwamba kueleza sababu kunamsaidia mwizi. Ukimwambia anayebahatisha kuwa akaunti hii imekwisha muda, umemthibitishia kwamba ipo. Hoja hiyo ni sahihi kwa mtu ambaye nenosiri lake halijakubaliwa, na huyo asiambiwe zaidi ya «si sahihi». Lakini idadi ya vifaa na tarehe ya kifurushi vinaweza kukaguliwa baada ya nenosiri kupita. Aliyefika hapo ameshathibitisha kuwa anazijua siri za akaunti; mwizi aliyefika hapo tayari anaweza kuingia kwenye tovuti na kusoma kila kitu. Kumficha sababu hakulindi chochote, na kunamwumiza mwenye mali peke yake.

Wapo pia wanaosema itifaki haina nafasi ya maelezo. Kwa IKEv2 wana haki kwa sehemu: pakiti ya EAP-Failure ina baiti nne tu, hakuna pa kuandika sentensi. WireGuard haina jina wala nenosiri, na ufunguo isioujua haiujibu kabisa. Lakini ndiyo maana programu inayotumia WireGuard ikisema uthibitisho umeshindwa, inazungumzia jibu la tovuti ya mtoa huduma, ambako sababu inaandikika kwa urefu wowote. Na OpenVPN nafasi inayo. AUTH_FAILED inaweza kufuatwa na koma na maelezo. Programu ya Mullvad, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ilisoma maelezo hayo na kutenganisha `INVALID_ACCOUNT`, `EXPIRED_ACCOUNT` na `TOO_MANY_CONNECTIONS`. Tangu toleo la 2.6 la OpenVPN, la mwaka 2023, kuna hata AUTH_FAILED,TEMP, inayoiambia programu kwamba kukataliwa huku ni kwa muda na ijaribu tena baadaye. Hiyo ndiyo dawa ya mtambo uliozimika.

Mpaka dawa hiyo ifike kwenye simu yako, usibadilishe nenosiri kwanza. Ingia nalo kwenye tovuti ya mtoa huduma. Likikubaliwa, nenosiri la akaunti limeshaondolewa lawama; tazama tarehe ya kifurushi na orodha ya vifaa, na anayetumia mipangilio ya mkono athibitishe jina na nenosiri vya peke yake. Zima VPN kwenye vifaa vingine, hesabu dakika tatu bila kugusa kitu, kisha unganisha. Ikipokea bila wewe kubadilisha herufi hata moja, huenda kilichokuzuia ni idadi ya vifaa, au muunganisho mfu. Isipopokea, jaribu seva ya nchi nyingine: moja ikikukataa na nyingine ikakukubali, kosa huenda liko kwao, au seva ile haimo kwenye kifurushi chako. Ukiwaandikia, peleka jina la seva na saa kamili ya kukataliwa, maana kumbukumbu za upande wao ndizo zenye sababu.

Na upande wao kazi ni ndogo kuliko wanavyoonyesha. Skripti inayokagua vifaa inahitaji mistari miwili:

```
echo "Vifaa vimefika kikomo" > "$auth_failed_reason_file"
exit 1
```

OpenVPN 2.6 hubeba maneno hayo yenyewe hadi kwenye simu. Programu inabakiwa na kazi ya kuyasoma yaliyo baada ya koma.