Daluga za leo, jezi za mwakani

"Kocha, nimemchukulia kubwa kidogo, si anakua huyu?" Mama alikuwa ameokota daluga namba 38 kwenye mitumba kwa ajili ya mwanawe wa miaka 12. Tulimpima kijana jioni, baada ya mazoezi, amesimama na amevaa soksi za mechi: mguu wa kulia sentimita 23.1, wa kushoto 23.5. Tukachomoa soli ya ndani akasimama juu yake. Mbele ya kidole kirefu ilibaki karibu sentimita mbili.

Wengi hujaza pamba puani mwa kiatu. Haisaidii, kwa sababu tatizo liko pale kiatu kinapokunjika. Daluga hukunjwa chini ya maungio ya vidole, na meno ya mbele yamepangwa kufuata hapo. Kikizidi urefu, mkunjo wake hutangulia mbele ya mkunjo wa mguu. Mtoto akikimbia kisigino kinapanda, akisimama ghafla mguu unateleza mbele. Kucha nyeusi na malengelenge ya kisigino ndiyo ushahidi wake.

Sisi huacha milimita 5 hadi 10, tukifuata mguu mrefu. Kwa hiyo tulitafuta soli ya kama sentimita 24.2. Namba za Ulaya hupishana milimita 6.7 hivi, lakini viwanda havifanani, na tuliyoipata iliandikwa 36. Mguu wa umri huu unaweza kuongezeka karibu sentimita nzima kwa mwaka, kwa hiyo huenda kiatu kisimalize msimu. Ndiyo maana tuna sanduku la kurithishana, kila ulimi wa kiatu umeandikwa urefu kwa kalamu ya wino mzito, na tunapima miguu upya kila miezi mitatu. Kiatu chenye kisigino kilicholegea hakiingii sandukuni.

Jezi ni kinyume chake, kwa sababu ni mali ya timu. Zamani niliagiza kwa saizi ya kila mtoto na namba anayoipenda. Mwaka uliofuata namba 9 ilikuwa ya kitoto, na mshambuliaji wetu alikuwa amerefuka kama mnazi.

Safari hii vifua vilianzia sentimita 66 hadi 82. Niliomba jezi za mfano, nikazitandaza na kupima kwapa hadi kwapa, maana herufi ya M haina maana moja kwa kila muuzaji. Namba 2 hadi 6 zikawa za sentimita 43, 7 hadi 12 za 47, 13 hadi 17 za 51. Makipa wakapewa kubwa, 1 na 18. Upana ukizidishwa mara mbili, mwenye kifua cha 66 anabaki na nafasi ya sentimita 20. Akiongezeka nne, bado anapumua. Akipita hapo anapanda namba, na mdogo anayeingia anarithi ya chini.

Mshambuliaji sasa anavaa 14. Hajanisamehe.