Kidole Shingoni

Daktari mwenye sikio zuri husifiwa kwa jambo ambalo si gumu sana. Husemwa kwamba alisikia mvumo ambao wenzake hawakuusikia. Ni kweli kwamba wapo wenye masikio makali, lakini mvumo uliosikika bila kupewa wakati wake haujamwambia mtu kitu. Ninachokisifu hapa ni ufundi mwingine, mtulivu zaidi na usioonekana kwa mtazamaji: kujua mvumo umeangukia wapi katika pigo la moyo. Na chombo chake kikuu si stetoskopu, bali ni kidole kinachowekwa juu ya mshipa wa shingo wakati sikio linafanya kazi kifuani.

Moyo mzima hutoa sauti mbili kwa kila pigo. Ya kwanza hutokea pale vyumba vya chini vinapoanza kubana na valvu zilizo kati yake na vyumba vya juu zinapojifunga. Ya pili hutokea kubana kunapokwisha, valvu za kutokea zinapojifunga, ile ya aota na ile ya mshipa uendao mapafuni. Muda kati ya sauti ya kwanza na ya pili ndio sistoli, moyo unaposukuma damu nje. Kuanzia ya pili hadi ya kwanza inayofuata ni diastoli, moyo unapojaa. Mvumo ni sauti ya damu inayopita kwa msukosuko, ama kwa sababu njia imekuwa nyembamba, ama kwa sababu mlango haukujifunga sawasawa na damu inarudi ilikotoka. Sasa tazama jinsi wakati unavyofanya kazi peke yake. Katika sistoli milango ya kutokea inapaswa kuwa wazi na ya kuingilia imefungwa. Kwa hiyo mvumo wa wakati huo kwa kawaida huashiria mlango wa kutokea ulio mwembamba au wa kuingilia unaovuja, au pengine tundu katika ukuta kati ya vyumba vya chini. Katika diastoli mambo yanageuka: ama mlango wa kuingilia ni mwembamba, ama wa kutokea unavuja. Kabla ya kujiuliza mvumo una nguvu kiasi gani au unaelekea wapi, nusu ya magonjwa imeshaondolewa mezani.

Kuna faida nyingine kubwa kuliko hiyo. Mvumo wa sistoli unaweza kuwa hauna ugonjwa wa moyo nyuma yake. Mtoto mwenye homa, mtu mwenye upungufu wa damu na mama mjamzito wote wana damu inayokwenda kwa kasi, na kasi hiyo peke yake yatosha kuvuma kidogo katika njia iliyo salama. Mvumo wa diastoli haupewi msamaha huo. Ukiusikia, chukulia kuwa kuna kasoro mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayekosea wakati, basi, anaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa wa valvu akiwa amemwambia kuwa ni hali ya kawaida.

Historia yenyewe ya stetoskopu inaonyesha kwamba kusikia na kujua wakati ni mambo mawili. René Laennec aliibuni mwaka 1816 katika hospitali ya Necker mjini Paris, akianza na karatasi iliyokunjwa kama mrija, na mwaka 1819 akachapisha kitabu kilichoeleza sauti za kifua kwa undani wa kushangaza. Sikio lake huenda halijapata mpinzani. Hata hivyo alifundisha kwamba sauti ya pili ya moyo inatokana na kubana kwa vyumba vya juu, jambo ambalo si kweli. Ilikuwa hadi mwaka 1832 ndipo Joseph Rouanet alipopendekeza kwamba sauti hizo hutokana na valvu kujifunga. Sikio lilikuwa limesikia vema. Lililopotea ni saa ya tukio.

Sikio la leo hupotea kwa sababu iliyo wazi zaidi, nayo ni kasi. Moyo unapopiga mara 75 kwa dakika, pigo zima huchukua sekunde 0.8, na katika hizo sistoli huchukua takriban 0.3 na diastoli 0.5. Tofauti hiyo inasikika bila jitihada: sauti mbili, kituo, sauti mbili, kituo. Mwanafunzi hujifunza kwamba kituo kirefu ndicho diastoli, na kanuni hiyo humtumikia vizuri hadi siku anapokutana na mgonjwa wa kweli. Moyo ukifika 120, pigo zima limebaki nusu sekunde, na kilichopunguzwa zaidi ni muda wa kujaa. Vituo viwili vinakaribia kulingana, kama ngoma iliyopigwa bila mkazo, na hakuna awezaye kusema kwa sikio tupu ni pigo lipi linaloanza. Wagonjwa wanaohitaji kusikilizwa kwa makini ndio hao hao ambao mioyo yao inakimbia.

Hapo ndipo kidole kinapoingia. Sauti inayogonga pamoja na kuinuka kwa mshipa wa shingo ni ya kwanza, na mvumo unaoambatana na mshipa huo ni wa sistoli. Usiutumie mshipa wa kifundo cha mkono. Wimbi la damu huchelewa kufika huko, na moyo ukiwa na kasi, ucheleweshaji huo unatosha kukudanganya. Njia ya pili ya uhakiki ni kuanzia juu, kwenye mwanya wa pili wa mbavu kando ya mfupa wa kifua, mahali ambapo sauti ya pili kwa kawaida ndiyo kubwa. Ukishaishika, sogeza stetoskopu kidogo kidogo kuelekea ncha ya moyo bila kuipoteza sauti ile, ukihesabu kutoka kwake.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 24, mwenye ujauzito wa wiki 28, anayefika wodini akihema, anakohoa akilala chali, na mapigo yake ni 120. Kwenye ncha ya moyo pana mvumo. Msikilizaji mwenye haraka anaandika kwamba ni mvumo wa ujauzito, anakisingizia kifua, na anaagiza dawa ya kuvuta ya pumu. Mwenye kidole shingoni anagundua jambo jingine. Sauti inayokwenda na mshipa ni kali, karibu inagusika mkononi, na mvumo haupo pamoja nayo, bali unaitangulia. Anamgeuza mama alalie ubavu wa kushoto, anamwomba atoe pumzi na kutulia kidogo, anaweka upande wa kengele wa stetoskopu juu ya ncha ya moyo kwa wepesi, kwa sababu akiikandamiza, ngozi hukazwa na sauti nzito za chini hupotea. Sasa mambo yanajipanga: sauti ya pili, kisha kidoko kifupi cha valvu inayofunguka kwa shida, kisha ngurumo nzito ya chini inayoendelea hadi inapokaribia sauti ya kwanza, na hapo inaongezeka, kwa kuwa chumba cha juu kinabana kusukuma damu ya mwisho. Hiyo ni valvu ya mitrali iliyokazwa, na kwa msichana wa Afrika Mashariki sababu yake mara nyingi ni homa ya rumatiki ya utotoni, iliyoanza na koo lililouma.

Kila kitu katika hadithi yake sasa kina maana. Valvu hiyo ikiwa nzima, uwazi wake ni sentimita za mraba 4 hadi 6, ukifikia 1.5 au chini yake, hali ni mbaya. Ujauzito umeongeza damu ya mama na kuharakisha moyo, yaani damu nyingi zaidi inatakiwa kupita mlango mwembamba kwa muda mfupi zaidi. Isiyopita inarundikana nyuma, na nyuma ni mapafu. Dawa ya kuvuta ya pumu ingeongeza kasi ya moyo na kumzidishia dhiki. Anachohitaji ni kinyume: moyo upunguzwe mwendo, maji yapunguzwe, na apelekwe haraka kunakofanyika kipimo cha eko.

Hapo mpinzani atauliza swali la haki: kama mwishoni ni eko, kwa nini tusianze nayo? Hoja yake ina uzito kuliko wapenzi wa stetoskopu wanavyokubali. Mwaka 2007 Eloi Marijon na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto wa shule nchini Msumbiji na Kambodia. Kwa kusikiliza na kuthibitisha kwa eko walipata wagonjwa wapatao 2 kwa kila watoto 1,000. Kwa kuwapima wote kwa eko, walipata 21.5 kwa kila 1,000 Kambodia na 30.4 Msumbiji. Kama chombo cha kusaka ugonjwa uliojificha kwa watoto wasiolalamika, stetoskopu imeshindwa, wala sioni haja ya kuitetea. Lakini mama wa wiki 28 si mtoto asiyelalamika. Swali lake ni nini kifanyike usiku huu, na nani kati ya waliomo wodini asisubiri foleni ya eko hadi wiki ijayo. Swali hilo hujibiwa kitandani, na jibu linategemea wakati wa mvumo.

Pingamizi la pili ni kwamba sikio linadanganya kuhusu ukali wa ugonjwa. Hili nalo ni kweli. Valvu iliyokazwa sana ikipitisha damu kidogo huweza kunyamaza, na ikishakakamaa kwa chokaa, sauti kali ya kwanza na kidoko hufifia. Mapigo yakiwa ya ovyo kwa sababu chumba cha juu kimeacha kubana, lile ongezeko la mwisho linatoweka. Kwa hiyo ukimya si cheti cha afya, na nguvu ya mvumo si kipimo cha ubaya. Kipimo cha daraja 1 hadi 6 walichopendekeza Freeman na Levine mwaka 1933 kinaeleza sauti, hakielezi hatima. Sikubali tu kwamba udhaifu huo unagusa wakati. Wawili wanaweza kubishana kama mvumo ni daraja la 2 au la 3 bila kuafikiana. Wakibishana kama ni wa sistoli au diastoli, wana kidole cha kuamua kati yao.

Wapo wanaosema ufundi huu ni mgumu kwa wodi zenye kelele, na kidole hakinyamazishi kelele. Ndiyo sababu mpangilio ni muhimu: tambua sauti ya kwanza, tambua ya pili, sikiliza kituo kimoja peke yake mpaka uridhike, ndipo uhamie kingine. Ngurumo ya mitrali na mvumo mwembamba wa aota inayovuja ni vya kutafutwa, na anayengoja vimjie hatavipata. Kwa huu wa pili, mgonjwa huketi akiinama mbele, anatoa pumzi yote, na kiwambo kinakandamizwa ukingoni mwa mfupa wa kifua kushoto.

Nawaomba, basi, wenye kuandika mafaili: msiandike tena maneno mawili, mvumo upo. Andikeni ni wa sistoli au diastoli, na kwamba mliupima kwa mshipa wa shingo. Kama hamkuupima, andikeni hivyo pia, ili anayekuja zamu ya usiku ajue kwamba kazi hiyo bado inamsubiri.